Vioo 74 na mlango uliohama: nilivyoharibu skani zangu za kwanza

Mambo vipi wadau. Watu kadhaa wameniuliza kuhusu ile kazi ya kuskani ramani na negativu za kioo za mzee mmoja wa Kirumba hapa Mwanza, eti niwape "setingi". Setingi nitawapa, ila ngoja kwanza niwahadithie nilivyoboronga maana humo ndo nilikojifunzia karibu kila kitu.

Baba yake mzee alikuwa kontrakta wa majengo hapa mjini. Aliacha bomba la bati lenye ramani 31 zimekunjwa kama mkeka, na sanduku la mbao lenye vioo 74, vingi saizi ile wanayoita nusu plet, kama sentimita 16 na nusu kwa 12. Mzee aliniambia tu "mwanangu, vitoe humu kabla unyevu haujavimaliza", na kweli ukikaa karibu na Mwaloni unajua unyevu wa ziwa unavyofanya, ukungu ulishaanza kula kona za vioo.

Siku ya kwanza nikaskani vioo 22. Kioo cha negativu kina pande mbili, mmoja unang'aa kabisa kama dirisha, mwingine umefifia kidogo, huo ndo upande wa dawa, picha yenyewe iko hapo. Nikaona busara dawa iangalie juu isije ikakwaruzwa na skana. Sawa, lakini nikapata miduara miduara kwenye picha, kama mawimbi ukitupa jiwe ziwani. Ile inatokea pale vioo viwili laini vinapogusana na kubaki na kahewa kembamba katikati, mwanga unagongana wenyewe humo. Hakuna cha kufuta baadaye, picha imeharibika ndo basi.

Siku ya pili nikageuza, dawa chini. Miduara ikaisha! Nikafurahi nikamaliza vioo 52 vilivyobaki bila kuandika popote kwamba nimegeuza. Hapo ndo kosa lenyewe.

Wiki moja baadaye nampelekea mzee picha ya duka ambalo baba yake alilijenga, anaiangalia kimyaaa halafu anasema, "hapa siyo. Mlango wa ghala ulikuwa mkono wa kulia ukiwa umelipa ziwa mgongo." Kwenye picha yangu uko kushoto. Nikafungua ramani ya duka hilo hilo, mlango kulia. Sasa ramani peke yake haitoshi, mafundi wanabadilisha vitu saiti kila siku, ila kwenye picha kulikuwa na mama amejifunga kanga na nilipoivuta karibu yale maandishi ya kanga yanasomeka kinyumenyume. Basi imekwisha. Negativu ukiiangalia kwa upande wa kioo picha iko sawa, ukiiangalia kwa upande wa dawa imegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Skana inaangalia toka chini, kwahiyo dawa ikiwa chini faili inatoka imegeuka. (Kama hakuna maandishi angalia mashati ya wanaume, upande wa kushoto wa mvaaji ndo unaolalia juu ya kulia. Siyo sheria ya dunia ila wakiwa watatu wanne wote wamefunga kinyume, shtuka.)

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nikachukua programu nikageuza faili zote 74 kwa mpigo, nikasevu juu ya zile zile. Yaani zile 22 za siku ya kwanza, zenye miduara lakini upande ulikuwa sahihi, sasa nazo zimegeuka, na sikumbuki ni zipi maana majina yalikuwa "duka zuri", "duka zuri 2", "harusi mpya". Halafu ile programu ikasevu kwa biti 8 wakati mimi niliskani biti 16, kwahiyo vivuli vingi vikapotea. Na bekapu? Niliweka programu inayolinganisha kompyuta na hadi diski kila usiku, ikafanya kazi yake vizuri sana, asubuhi hadi diski nayo ina faili mbovu zile zile. Nikarudi kutoa vioo vyote 74 upya.

Sasa ninavyofanya siku hizi.

Kioo nakilaza dawa chini lakini hakigusi skana. Nimekata vipande vyembamba vya kadibodi nyeusi, unene kama milimita moja, kioo kinakaa juu yake kwa kingo tu. Dawa haikwaruzwi na miduara haipo. Tatizo moja, skana zinatofautiana umbali zinapoona vizuri, kwahiyo jaribu unene wa aina mbili tatu kwa kioo kile kile na uangalie kitu chenye ncha kali, mfano nyufa za bati au nywele, kwa unene gani zimekatika safi. Unahitaji skana yenye taa kwenye mfuniko, ya ofisi ya kawaida haifai. Na usiskani usiku madirisha yakiwa wazi, wale wadudu wadogo wa ziwani wakiona taa wanakuja mawingu mawingu, nimeshawahi kuwa na mmoja kapumzika juu ya paa la stesheni.

Usafi: upande wa dawa brashi laini kavu tu, maji marufuku, ile dawa ni jelatini inavimba na kubanduka. Ukikuta rangi nyekundu imepakwa kwenye kioo usiifute, si uchafu, mpiga picha aliziba mwanga kwa makusudi.

Setingi: naskani kama pozitivu, kijivu, biti 16, na kila kitu cha kujirekebisha chenyewe nimezima, kunoa, kuondoa vumbi, vyote. Ukiiambia skana hii ni negativu inajiamulia weupe na weusi na mara nyingi inakata mawingu na nguo nyeupe, na kilichokatwa hakirudi. Nageuza rangi mwenyewe baadaye kwenye nakala. Naangalia histogramu, ile grafu ya weusi na weupe, isigonge ukuta upande wowote. Kuhusu `dpi`, yaani nukta ngapi kwa kila inchi, nilijaribu kioo kimoja kwa 1200 na kwa 2400, faili ya kwanza ni kama MB 89, ya pili kama MB 356, nikavuta zote karibu na kwa skana yangu sikuona hata tofali moja la ziada, ukubwa tu. Kwa hiyo 1200 kwa saizi hii. Kioo kidogo zaidi panda, ila jaribu kwanza usifuate namba iliyoandikwa kwenye boksi la skana.

Ramani ni habari nyingine. Hapo kinachouma ni vipimo. Nilipeleka moja mjini kwenye skana kubwa ya kuvuta karatasi, ramani ya kipimo cha inchi moja ya nane kwa futi, mbele ya duka futi 48, ina maana kwenye karatasi inchi 6, na kwa 300 `dpi` inatakiwa iwe pikseli 1800. Bahati niliweka pembeni rula mbili za karatasi za inchi 12, moja ya kulala moja ya kusimama. Ya kulala ikasoma pikseli 3600 kamili, ya kusimama 3654. Mpira wa skana ulikuwa unateleza, ramani imenyooshwa asilimia moja na nusu upande mmoja tu. Kwa macho huoni, lakini kwa ukuta wa futi 48 ni karibu inchi 9, fundi akikuchorea mlango kwa hiyo faili utajuta. Tukairudia taratibu, ndani ya plastiki ngumu ya kuonyesha, ikakaa sawa. Hata hivyo karatasi zile za bluu zenye mistari myeupe zililoweshwa maji zikakaushwa siku zilipotengenezwa, zilishasinyaa zenyewe kabla sijazaliwa, kwahiyo ukikuta kipimo kimeandikwa kwa namba fuata namba. Ziskani kwa rangi, siyo kijivu, maana madoa na penseli nyekundu za mafundi zina habari. Na usiziache mezani juani, zinafifia.

Majina sasa. Hakuna tena "duka zuri". Kioo kina bahasha, bahasha ina namba kwa penseli, na faili ina namba hiyo hiyo:

```
mzk_v_0012_m.tif
mzk_v_0012_n.jpg
mzk_r_0007_m.tif
```

`mzk` ni mkusanyiko wa mzee, `v` kioo, `r` ramani, `m` ni mama na `n` ni nakala. Mama haguswi, nikimaliza kumskani namfunga asiandikike. Kugeuza, kung'arisha, kuandika maneno, vyote kwenye nakala. Sifuri za mbele ziache, bila hizo kompyuta nyingine zinapanga 10 kabla ya 2.

Maelezo yote yako kwenye jedwali moja, mstari mmoja kwa faili moja. Safu ninayoipenda kuliko zote inaitwa `dawa`, jibu ni juu au chini. Ingekuwepo tangu mwanzo nisingerudia kazi. Nyingine ni `pacha`, pale kwenye 0012 imeandikwa `mzk_r_0007`, kwahiyo picha ya duka na ramani ya duka zinajuana. Jina la mahali nina safu mbili, lilivyoandikwa na la sasa. Kwenye bahasha mbili imeandikwa "Muansa" kwa tahajia ya Wajerumani, ukisahihisha kuwa Mwanza unapoteza dalili ya umri, usipoweka Mwanza mtu akitafuta haipati. Dalili tu lakini, siyo ushahidi, Waingereza waliingia hapa 1916 ila mtu habadilishi mwandiko wake siku bendera inapobadilika. Tarehe ya kukisia naandika "labda", na nani kaniambia. Sentensi ya mzee kuhusu mlango ipo kama alivyoisema.

Bekapu nimeacha kulinganisha, nakopi tu vipya. Nakala tatu: kompyuta, hadi diski kabatini ambayo haichomekwi isipokuwa siku ya kukopi, na nyingine kwa dada yangu Nyegezi. Kabla ya kukopi natengeneza alama za vidole za faili, na kila miezi mitatu nakagua:

```
sha256sum *_m.tif > mzk.sha256
sha256sum -c mzk.sha256
```

Ya kwanza naiendesha mara moja tu, ya pili ndo ya kukagua, inakuandikia `OK` au `FAILED` kwa kila faili. Angalizo, ukiandika maelezo ndani ya mama mwenyewe baada ya hapo alama inabadilika na utadhani kaharibika, ndo maana maelezo yangu yako kwenye jedwali na kwenye nakala tu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu diski ya Nyegezi imenipa `FAILED` kwenye faili moja, ya kabatini ilikuwa `OK`, nikanunua diski mpya nikakopi zote toka kabatini. Ile ya zamani dada kabaki nayo, kaijaza muvi.