Herufi 150 za bio: nilivyomtoa "mama wa wawili" nikabaki na mapazia

Jana dada mmoja kaniandikia inboksi, anasema amekaa siku 3 anahangaika na bio ya Insta, kila akiandika inagoma, afanyeje. Nikacheka halafu nikakumbuka mimi mwenyewe mwaka juzi nilivyolia kwa sababu ya hiyo hiyo bio.

Nauza mapazia Kariakoo. Kuna mama mmoja alinifolo miezi mingi, analaiki kila picha, siku kahamia nyumba mpya akampa oda nyumba nzima mtu mwingine. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole tu, "Mdogo wangu, mimi sikujua kama unauza, nilidhani unapenda tu mambo ya nyumba." Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Nikarudi kusoma bio yangu kama mgeni. Ilikuwa hivi:

Mama wa wawili. Mjasiriamali. Mpenda urembo wa nyumba. Tunafanya kazi kwa uaminifu na ubora wa hali ya juu. Karibuni wateja wetu wote. Mungu kwanza.

Herufi 148 kati ya 150 ambazo Insta inaruhusu, na neno mapazia halimo! Ile sentensi ya uaminifu na ubora peke yake inakula 52, na hakuna duka hapa mjini litakaloandika kwamba halina uaminifu, kwa hiyo haimwambii mteja kitu.

Nilichofanya, nilifungua inboksi nikachukua meseji 40 za mwisho za watu wanaoulizia nikaandika kwenye daftari kila mmoja anauliza nini. Bei ndo iliongoza, ikafuata mko wapi, halafu mnatuma mkoani, halafu mnakuja kupima wenyewe? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina watoto wangapi. Basi hilo daftari ndo liliamua nani anabaki, sio mimi, na wewe dada usikae unatunga maneno matamu, fungua inboksi yako kwanza.

Halafu kuna vitu usivipe nafasi kwenye hizo 150 maana vina nafasi yake. Namba ya simu niliitoa, ukiwa na akaunti ya biashara unaweka kitufe cha kupiga au cha WhatsApp na hakihesabiwi. Na ile sehemu ya `Name`, yale maandishi yaliyokolea juu ya bio, ina herufi zake 64 na Insta inaitumia mtu akitafuta, kwa hiyo pale nikaandika Mapazia Kariakoo badala ya jina langu la ubatizo. Ila fikiri kabla hujaseivu, wanakuruhusu kulibadilisha mara 2 tu ndani ya siku 14, mimi nilikosea spelingi nikarekebisha, nikataka kuongeza neno nikakuta nimefungiwa.

Bio yenyewe ikawa hivi:

Mapazia na fimbo, tunapima na kufunga kwako
Kuanzia 18,000 kwa mita, kushona ndani
Kariakoo, Mtaa wa Aggrey
Mikoani tunatuma kwa basi

Hesabu inatoka 133, na kumbuka kila ukishuka laini mpya nayo inahesabiwa herufi moja. Emoji ya nyumba niliijaribu nikaona kaunta imepungua mbili, nikaifuta. Hiyo bei watu waliniambia nisiweke, washindani wataiona. Wacha waione! Tangu niiweke wale wa "bei gani" wamepungua sana, anayekuja sasa anakuja na vipimo vya dirisha, na nyie mnaoficha bei mnajichosha wenyewe kujibu swali moja usiku kucha.

Zikabaki herufi 17 na hapo ndo nilikwama. Mungu kwanza na laini yake ni 13, mama yangu mzazi alinipigia akaniuliza kwa nini nimemtoa Mungu. Mama wa wawili na laini yake ni 15, na hao wawili ndo ninaowaamkia saa 10 alfajiri. Moja tu ndo ingeingia.

Wiki hiyo hiyo mteja akavuka na pantoni kutoka Kigamboni Jumapili, akakuta mlango umefungwa na mimi niko kanisani simu nimezima. Alinitumia voisi note sitaki hata kuirudia. "Jumapili tumefunga" na laini yake ni 19, haiingii, nikaikata ikawa "Jpili tumefunga", 16, jumla 149. Nikaseivu. Mama nikamwambia, mama, hiyo Jumapili niliyofunga ndo Mungu mwenyewe yupo humo, akanyamaza kidogo, akasema haya. Wanangu nikawaweka kwenye picha ya kwanza iliyopiniwa juu, wameshika kipande cha pazia la kijani, pale hakuna anayehesabu herufi.