Si kila kinachopiga kelele ni chako: maswali yenu kuhusu kazi zisizoisha

"Ni mhasibu Industrial Area, naishi Umoja, nina watoto wawili: mmoja gredi ya 5, mwingine anafikisha mwaka na nusu tarehe 12. Nimejaribu vile visanduku vinne vya kugawa kazi kwa haraka na umuhimu, lakini kila kitu kinaangukia cha kwanza, cha haraka na muhimu. Leo tarehe 3 Juni nina haya: tokeni za stima, PAYE ya ofisi, fulana za safari ya shule, mchango wa kamati ya harusi, chanjo ya mdogo, ritani yangu ya KRA, na cheti cha kuzaliwa cha mkubwa kimekosewa jina. Nianzie wapi?" Mama wa wawili, Umoja

Vinaangukia cha kwanza kwa sababu unavipima kwa kelele. Kaa chini, na mbele ya kila kazi andika mambo mawili: siku ambayo hasara itaanza nisipoifanya, na hasara hiyo ni ipi na itamwangukia nani. Usiandike tarehe uliyotajiwa kwenye kikundi. Andika siku ya hasara. Ukishaandika hivyo, haraka na umuhimu hutengana vyenyewe.

Tokeni: hasara ni leo usiku, na kuzinunua ni dakika mbili ukiwa ndani ya matatu. Kazi kama hiyo haiandikwi, inafanywa. PAYE: mwisho ni tarehe 9, na kampuni ikichelewa inapigwa faini huku wewe ukitafutwa. Hiyo kweli ni ya haraka na ni muhimu, lakini ni kazi ya saa za ofisi. Kinachokuchelewesha kila mwezi si kuiwasilisha, ni kungoja orodha ya saa za ziada kutoka kwa wakuu wa idara. Idai orodha hiyo leo, ufunge hesabu tarehe 6, na jioni zako usiziguse.

Fulana: usipopiga kura ya rangi kwenye kikundi cha wazazi, watoto watavaa kijani badala ya buluu. Hakuna aliyeumia. Kamati ya harusi: inakutana kesho, na hasara ni mweka hazina kulitaja jina lako mbele ya watu. Amua utatoa ngapi, tuma mara moja, kisha zima sauti ya kikundi mpaka siku ya arusi. Nimeshasema hapa na nitasema tena: kamati za harusi za Nairobi zinakula jioni za wazazi kuliko msongamano wa Outering, na hakuna anayezihesabu kama kazi.

Sasa tazama zilizobaki. Chanjo, ritani, cheti. Hakuna mtu aliyekupigia simu kuhusu hizo tatu, na ndizo zenye hasara kubwa kuliko zote.

Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na ndiyo rahisi kusahaulika, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa miezi 9 na katikati mama amerudi kazini na kliniki imeshamtoka akilini. Usifunge safari kabla ya kuuliza. Chupa ya chanjo hiyo ina dozi za watoto kadhaa, na ikishachanganywa isipotumika ndani ya saa 6 inamwagwa. Kwa hiyo vituo vingi huwakusanya watoto wa surua kwa siku maalumu za wiki. Ukienda siku isiyo yake utarudishwa, na hapo utakuwa umepoteza asubuhi nzima ya ruhusa uliyoiombea kwa shida.

Cheti hakina tarehe yoyote leo, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwakani mtoto yuko gredi ya 6, na jina litakaloandikishwa kwa mtihani hufuata cheti. Siku shule itakapoomba nakala, utakuwa na siku chache na foleni ya wazazi wenzako waliolala kama wewe. Kusahihisha jina kunadai vielelezo na kurudi ofisini zaidi ya mara moja. Kwa kazi ya namna hii siku ya hasara si siku ya kudaiwa cheti. Rudisha nyuma muda wote wa kusubiri, na utakuta imeshaanza.

Ratiba yako basi ni hii. Unafika nyumbani saa moja na robo, mdogo analala saa tatu, na ukitoa chakula na kuoga unabaki na kama dakika 45 zenye akili. Usizigawe kwa kazi saba. Kesho omba siku moja ya likizo katikati ya wiki ya tarehe 15. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 kwa mwaka, hazikuwekwa kwa ajili ya Krismasi tu. Chagua siku ambayo kituo chako kinachanja surua: asubuhi kliniki, baadaye ofisi ya usajili wa vizazi na karatasi zako zikiwa tayari. Jioni moja ya wiki hii ni ya kukusanya karatasi hizo, na jioni moja ya wiki ijayo ni ya ritani.

Ritani ina mwisho wake, tarehe 30 Juni, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni angalau shilingi 2,000. Wewe unayewatengenezea wenzako P9 huna cha kujitetea. Usingoje siku tatu za mwisho, wakati iTax inakokota miguu na kila mtu ndipo anagundua amesahau nenosiri.

"Kuna programu gani nzuri ya simu ya kupangia kazi?" Wengi, karibu kila wiki

Daftari la kurasa 96 na kalamu. Simu ndiko kazi za watu wengine zinakoingilia. Usiende kupanga zako humo humo.

"Bosi hutuma kazi WhatsApp saa tatu usiku na zote anaziita za haraka. Nikikawia kujibu naonekana mvivu. Niko kwenye mauzo, nina watoto watatu." Baba, Rongai

Neno la bosi si tarehe. Asubuhi, kabla hajakaa vizuri, muulize: "Mkuu, hii inatakiwa mezani kwa nani, na saa ngapi?" Mara nyingi utaambiwa Ijumaa, au utaambiwa ngoja niulize, maana yake ni kwamba hata yeye alirushiwa na akairusha mbele.

Zikigongana kazi mbili, usichague kimyakimya halafu ukalaumiwa kwa ile uliyoiacha. Mwandikie: "Ripoti ya wateja inatakiwa saa sita, na hii nayo inahitaji saa mbili. Itangulie ipi?" Aamue yeye, na jibu lake libaki kwenye maandishi. Ndiye anayejua ipi ikichelewa kampuni inapoteza mteja. Wewe unabahatisha.

Akijibu "zote" wiki baada ya wiki, hapo suala si kupanga tena. Ofisi ina watu wachache kuliko kazi, na hakuna visanduku vitakavyotibu hilo. Anza kuweka kumbukumbu ya kazi na saa zilizotumika, uende nayo siku ya tathmini.

Nawe acha kujibu kwa kidole gumba saa tatu na dakika moja. Umemfundisha kwamba uko kazini. Hili halihusu wauguzi, mafundi wa mitambo na walinzi, ambao simu ya usiku ni ajali kweli. Wewe umesema uko kwenye mauzo.

"Kisanduku cha tatu kinasema kazi ya haraka isiyo muhimu mpe mtu mwingine. Mimi nalea peke yangu, nimpe nani?" Mama, Kayole

Una haki ya kuuliza. Ushauri huo ulienezwa na watu wenye makatibu. Kwako kisanduku hicho kina maswali mengine: naweza kuikataa? Naweza kuipunguza? Naweza kubadilishana na mwenzangu?

Kubadilishana ndiko kunakosaidia zaidi. Mzazi wa mlango wa pili anasubiri basi la shule asubuhi na watoto wake na wako, wewe unawapokea jioni. Kila mmoja amekomboa nusu saa kila siku na hakuna aliyelipa. Vifaa vya miradi ya darasani, vile vya "kesho aje na mirija kumi na kadibodi", mtoto wa gredi ya 4 anaweza kuviandika mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na wewe unanunua mara moja Jumamosi. Kisichokuwa kwenye karatasi hakinunuliwi saa nne usiku. Atasahau mara moja, mwalimu atamwuliza, na mara ya pili ataandika.

Kama una dada wa kazi, mpe kazi nzima pamoja na pesa na uamuzi wake. Ukimwachia mia tatu za chakula cha jioni halafu ukampigia simu mara nne kuuliza amenunua nini, hujampa kazi. Umejiongezea ya usimamizi. Kliniki anaweza kwenda na mtoto ukishindwa kabisa, lakini awe na kijitabu cha kliniki mkononi, na awe anajua kueleza kama mtoto amekuwa na homa.

Na tafadhali, binti yako wa kwanza si kisanduku cha tatu. Naona barua nyingi ambamo kila kitu "anasaidia" msichana wa miaka 12, huku kaka yake wa 14 akiangalia mpira.

"Ni kweli Rais Eisenhower ndiye alichora visanduku hivyo?" Mwanafunzi, Kahawa

Hapana. Mwaka 1954, katika hotuba Chuo Kikuu cha Northwestern, alitaja matatizo ya aina mbili, ya haraka na muhimu, na hata hapo alisema anamnukuu mkuu wa zamani wa chuo kimoja. Visanduku vilichorwa na wengine baadaye.

"Napanga vizuri Jumapili, lakini saa ya kazi kubwa ikifika najikuta najibu jumbe na kupanga kabati. Nina kasoro gani?" Baba wa mmoja, Donholm

Huna kasoro ya pekee. Mwaka 2018 Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio yao: watu waliacha kazi yenye malipo makubwa zaidi wakachagua ndogo, kwa sababu tu ndogo iliwekewa muda mfupi, hata pale muda huo ulipokuwa hauna maana yoyote. Waliojiona wana shughuli nyingi ndio walionasa zaidi. Walipokumbushwa malipo yenyewe wakati wa kuchagua, mvuto huo ulipungua.

Ndiyo sababu namsumbua mama wa Umoja aandike hasara mbele ya kila kazi. Kwenye daftari lako usiandike "bima". Andika "bima ya gari inaisha tarehe 20, nikigonga mtu tarehe 21 nalipa mwenyewe". Utaisoma saa ileile unaponyoosha mkono kwenye kabati.

Halafu kata kazi mpaka ibaki hatua ya kwanza ya dakika 20. Kazi unayoikwepa mara tatu kwa kawaida ina kitu kilichokosekana mwanzoni: namba ya simu, nakala ya kitambulisho, nenosiri. Kama ni ritani, usiku wa leo kazi yako ni kuona kama iTax bado inafunguka kwa nenosiri ulilonalo. Isipofunguka, lishughulikie hilo, na ritani yenyewe iwekee jioni yake.