Matriki imeandikwa upya, jibu limebaki: tuseme vipi kwa Kiswahili?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa tuisheni, Kisauni, Mombasa. Nina mwanafunzi wa chuo aliyekwama kwenye matriki, nikamwandikia barua kwa Kiswahili: "Tukibadilisha safu, majibu hayabadiliki, kwa sababu matriki zote mbili ni sawa." Amenirudishia: "Mwalimu, kama tumebadilisha, imebakije sawa?" Je, kosa liko kwenye lugha yangu au kwenye hesabu? Na nilitumia safu. Au ningesema mstari?

JIBU: Kosa liko kwenye lugha, mwalimu, na mwanafunzi wako amelisoma vizuri. Kitenzi kimoja umekipa kazi mbili zinazopingana ndani ya sentensi moja, kisha ukafunga kwa neno "sawa", ambalo hapa si kweli.

Tuchukue hesabu ndogo ili maneno yawe na kitu cha kushika. Mteja amekula mahamri 2 na sahani 1 ya mbaazi, akalipa shilingi 60. Mwenzake amekula mahamri 3 na sahani 2, akalipa 110. Bei ya hamri moja ni x, ya sahani ya mbaazi ni y. Matriki yake ni hii, na ya pili inapatikana baada ya kutoa R1, yaani safu ya juu, mara 2 kwenye R2, safu ya chini:

```
[ 2  1 |  60 ]        [  2  1 |  60 ]
[ 3  2 | 110 ]        [ -1  0 | -10 ]
```

Matriki mbili huwa sawa pale tu kila namba ya moja inapolingana na namba iliyo mahali pale pale katika nyingine. Hapa 3 imekuwa -1, na 110 imekuwa -10. Si sawa. Ukiandika "ni sawa", mwanafunzi ataweka alama ya = kati yake, na mtahini atamkata alama kwa haki. Zinazofanana ni jozi za namba zinazotimiza milinganyo. Kwa hiyo andika: "Matriki hizi mbili ni tofauti, lakini zina seti moja ya majibu." Katikati aweke mshale au alama ya ~.

Neno "majibu" nalo lifafanue mapema. Wengi wakisikia "majibu" huhesabu x kuwa jibu la kwanza na y jibu la pili. Katika mfano wetu jibu ni moja, nalo ni jozi (10, 40): hamri shilingi 10, mbaazi shilingi 40. Seti ya majibu ni mkusanyiko wa jozi zote zinazofanya milinganyo yote miwili iwe kweli kwa wakati mmoja. Hapa ina jozi moja tu.

Sasa "badilisha". Neno hili hubeba maana ya kugeuza kitu kiwe kingine, na pia ya kuweka hiki mahali pa kile. "Badilisha R1 na R2" inaweza kusomeka kuwa uzigeuze zote mbili, au uzipishanishe. Kwa maana ya kupishana, andika "R1 na R2 zibadilishane nafasi". Kwa maana ya kugeuza namba, andika "andika R2 upya". Hapo "hayabadiliki" itabaki na kazi moja, ya kuzungumzia seti ya majibu, na swali la kijana halitapata pa kusimama.

Maelekezo yenyewe yaanze na safu itakayoandikwa upya: "Kwenye R2, toa R1 mara 2." Ukianza na "toa R1…", mwanafunzi hutoa macho kwenye safu inayopokea, na mara nyingi huishia kufuta R1, ambayo haikutakiwa kuguswa.

Kuhusu safu na mstari, ningekaa na safu. Mstari una mwenyewe katika hesabu hii hii: kila mlinganyo wetu, ukichorwa kwenye grafu, ni mstari mnyoofu. Tendo la hapo juu liliondoa mstari wa 3x + 2y = 110 na kuweka mstari wima wa x = 10. Mstari umebadilika kweli kweli. Pasipobadilika ni mahali unapokatana na mwenzake, pale (10, 40). Ukiziita safu za matriki mistari, utamwambia kijana katika aya moja kwamba mstari umebadilika na haukubadilika.

Lakini "safu" peke yake nayo haitoshi, kwa sababu hutumika kwa zinazolala na zinazosimama. Sikio la Mombasa huielewa kama iliyolala, maana neno limetoka katika Kiarabu na hapa husikika kila siku msikitini, watu wakipanga safu bega kwa bega. Hata hivyo, sema wazi: safu mlalo na safu wima, maneno ambayo wanafunzi huyaona pia kwenye programu za majedwali zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tofauti hii si ya urembo. Mtu akisoma "safu" kuwa wima, akazipishanisha safu wima mbili za kwanza, atapata milinganyo x + 2y = 60 na 2x + 3y = 110. Jibu lake ni x = 40 na y = 10, yaani hamri ndiyo shilingi 40. Safu mlalo zikibadilishana nafasi, hakuna kinachoharibika, kwani ni sawa na kusoma risiti ya pili kabla ya ya kwanza.

Baada ya hayo ndipo tufike kwenye "kwa sababu" yako, ambayo ndiyo moyo wa barua. Sababu ina nusu mbili, na walimu wengi huandika moja. Nusu ya kwanza: jozi iliyotimiza milinganyo ya zamani hutimiza na mipya. Kama 3x + 2y ni 110 na 2x + y ni 60, basi ukitoa 60 mara mbili kwenye 110, na upande wa pili ukatoa 2x + y mara mbili, pande zote mbili umeziondolea kiasi kile kile. Inabaki -x = -10. Kwa hiyo hakuna jozi ya zamani iliyofukuzwa.

Hiyo haitoshi. Je, hakuna jozi ngeni iliyoingia? Hapa Kiswahili kimekupa neno tayari: tendua. Ni kauli ile ile tunayoisikia katika fumba na fumbua, kunja na kunjua, ziba na zibua, na wanaotumia simu kwa Kiswahili hukutana nalo wanapotaka kurudisha walichofuta. Ziite hatua hizi matendo ya safu mlalo, si operesheni, ambayo wengi wakiisikia huwaza hospitali au polisi. Tendo huvuta tendua, na sababu inajieleza yenyewe. Tulitoa R1 mara 2 kwenye R2. Kulitendua ni kuongeza R1 mara 2 kwenye R2. Jaribu: -1 na 4 ni 3, 0 na 2 ni 2, -10 na 120 ni 110. R2 ya zamani imerudi. Kutendua huku nako ni tendo la aina ile ile, kwa hiyo jozi yoyote inayotimiza milinganyo mipya lazima itimize ya zamani. Mgeni hana mlango.

Kuzidisha R2 kwa -1 hutenduliwa kwa kuzidisha kwa -1 tena. Kuzidisha kwa 5, kwa kugawanya kwa 5. Kubadilishana nafasi, kwa kubadilishana tena. Kuzidisha kwa sifuri hakuwezi kutenduliwa. R2 ikiwa 0x + 0y = 0, hakuna namba ya kuirudishia 3, 2 na 110. Kumbuka kwamba (10, 40) bado inatimiza, nusu ya kwanza haijavunjika. Lakini sasa imebaki 2x + y = 60 peke yake, na (20, 20) imeingia, na (30, 0) pia. Ndiyo maana vitabu husema "namba yoyote isiyo sifuri", na kwa mwanafunzi anayekariri, maneno hayo huonekana kama kanuni ya kutisha tu.

Kuna kosa jingine la lugha linaloleta msiba huo huo. Mwalimu anasema, "Toa R2 kwenye R1 na R1 kwenye R2." Kwa "na", mwanafunzi hufanya yote kwa pamoja, akitumia safu za zamani mara mbili. R1 inakuwa -x - y = -50, na R2 inakuwa x + y = 50. Huo ni mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili. (10, 40) imo, na (0, 50) imo, na nyingine zisizo na idadi. Tumia "kisha", na utaje "mpya": "Kwenye R1 toa R2, kisha kwenye R2 toa R1 mpya." Dalili ya kosa hili ni safu nzima ya sifuri kutokea ghafla mahali ambapo jibu lilitarajiwa kuwa moja.

Na epuka kusema jozi "inaridhisha" mlinganyo. Kuridhisha ni kwa mtu. Inautimiza, au inaufanya uwe kweli.

Aya yako ningeiandika hivi:

"Mwanangu, uliuliza vyema. Matriki ya pili si sawa na ya kwanza. R2 tumeiandika upya. Ila jozi iliyotimiza milinganyo ya kwanza inatimiza na ya pili, kwa sababu pande zote mbili tumeziondolea kiasi kimoja. Na tendo hili tunaweza kulitendua: ongeza R1 mara 2 kwenye R2, uone 3, 2 na 110 zikirudi. Kwa hiyo jozi yoyote ya pili ni ya kwanza pia. Sasa zidisha R2 kwa -1, kisha kwenye R1 toa R2 mpya mara 2, unieleze kila tendo ungelitendua vipi."

Akifuata, atapata x = 10 na y = 40. Akileta y = 80, ujue alisahau ile -1 na kutoa R2 ya zamani: 60 kutoa -20. Akiwa makini ataona kwamba x nayo haikuondoka kwenye R1, bali imekuwa 4x.