Gawio ulilolisoma wewe, bei imeshalisoma

Machi imefika, matokeo ya benki yanatoka moja baada ya jingine, na dawatini kwetu vijana wapya wameanza kuniletea jedwali lilelile la kila mwaka: nunua kabla rejista ya wanahisa haijafungwa, pata gawio, uza mara moja. Wiki hii mmoja wao alilileta akitabasamu, ameshalipaka rangi ya kijani. Ni kijana mwenye bidii na nampenda sana, ndiyo maana nilivuta kiti tukalipitia mstari kwa mstari. Naandika ili anayekuja nyuma yake asiirudie safari hiyo kwa pesa za mteja.

1. Gawio lililotangazwa halina mwenye haki nalo zaidi ya wengine.

Mfano wake ulikuwa wa hisa ya shilingi 20 iliyotangaza gawio la 1.20. Alinunua hisa 10,000, yaani shilingi 200,000, akaandika gawio la 12,000, kisha akauza kwa 20 ileile. Asilimia 6 kwa siku chache! Nikamuuliza: huyo anayekununulia kwa 20 baada ya haki ya gawio kuondoka, ni nani? Anayenunua leo anapata kampuni pamoja na 1.20 itakayolipwa. Anayenunua siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio anapata kampuni ileile pungufu ya 1.20. Tarehe na kiasi vyote vimechapishwa gazetini na kila dalali anavyo. Hicho ndicho mwanauchumi Eugene Fama alichokieleza mwaka 1970 katika daraja la kati la nadharia ya ufanisi wa soko: habari iliyo wazi kwa wote huwa imeshaingia kwenye bei, kwa hiyo haimpi mtu faida ya ziada.

Basi tukaweka bei ya kuuza 18.80. Halafu tukaongeza alichokuwa ameacha nje ya jedwali: kamisheni na ada za soko, ambazo kwa mteja mdogo tulizikadiria asilimia 2 kwenda na asilimia 2 kurudi, na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye gawio. Kununua kukagharimu 204,000. Gawio likabaki 11,400. Kuuza kukaleta 188,000, tukatoa 3,760 za ada. Jumla: hasara ya shilingi 8,360.

Akanijibu vizuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nikae naye mpaka jioni. Alisema, «Mzee, soko letu si kama la New York. Hapa bei haishuki gawio lote.» Ana haki ya kulisema hilo. Hisa nyingi za Nairobi hazina shughuli, na siku moja bei inaweza kushuka kidogo, isishuke kabisa, au ipande kwa habari nyingine. Kwa hiyo tulimpa soko lake pungufu: tukasema bei imeshuka nusu tu ya gawio, mpaka 19.40. Mauzo 194,000, ada 3,880, gawio 11,400. Bado amepoteza shilingi 2,480. Tukaenda mwisho kabisa, tukasema soko limelala fofofo na bei imebaki 20. Hapo akapata 3,400, chini ya asilimia 2 ya pesa alizoweka, kabla hajakutana na siku moja mbaya ya soko.

Tazameni kilichotokea hapo katikati. Soko lilikosea kwa nusu nzima ya gawio, na mtu aliyeliona kosa hilo kwa macho yake akapoteza pesa hata hivyo. Kosa la bei lililo dogo kuliko ada halina wa kulisahihisha, ndiyo maana linaendelea kuwepo mwaka baada ya mwaka na kuonekana kwenye jedwali lako kama hazina iliyosahaulika. Wanauchumi Grossman na Stiglitz waliieleza sababu mwaka 1980: kutafuta habari kuna gharama, kwa hiyo bei haziwezi kubeba kila kitu kikamilifu, la sivyo hakuna ambaye angejisumbua kutafuta. Pengo linalobaki huwa karibu na gharama ya anayelitafuta. Mwenye gharama ndogo kuliko yako atafika kabla yako.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kama hisa kweli haishuki inapopoteza gawio, usiangalie hisa moja kwa tarehe moja. Kusanya matukio mengi, toa mwendo wa soko zima kwa siku hiyo, kisha toa ada. Kama mteja alikuwa anainunua hisa hiyo kuishika miaka mingi, suala la kuuza kesho yake halipo, na ada ya kununua angeilipa tu.

2. Bei ya skrini si bei yako.

Jedwali lake lilitumia bei za kufunga soko. Nikamfungulia oda za hisa moja ndogo. Bei ya mwisho ilisomeka 19.60. Mnunuzi wa juu alitaka kwa 19.00, tena hisa 500 tu. Muuzaji wa chini alikuwa 20.00. Ukiwa na hisa 10,000 za kuuza, hiyo 19.60 ni historia ya watu wengine. Ukizimwaga zote, wewe ndiwe utakayeishusha bei. Piga hesabu ya kununua kwa bei ya muuzaji na kuuza kwa bei ya mnunuzi, na usizidi hisa zilizopo kwenye oda.

3. Faida kupanda si habari, kama ilitarajiwa.

Benki ikitangaza faida juu asilimia 20 na hisa ikashuka, msije mbio kuniambia soko limekosea; tafuteni kwanza soko lilikuwa linangoja asilimia ngapi.

4. Pima ushindi wako kwa kipimo kisichokupendelea.

Hapa ndipo vijana wengi hujiona mabingwa. NASI, kipimo cha hisa zote za soko la Nairobi, hufuata bei za hisa, haihesabu magawio. Ukijumlisha magawio yako kisha ukajilinganisha nayo, umeanza mbio mbele ya mwenzako. Tena Safaricom ina uzito mkubwa mno ndani yake, kwa hiyo mwaka ambao Safaricom imeanguka, karibu yeyote aliyeshika hisa chache za kampuni hiyo ataonekana ameshinda soko, hata kama hakuwa na hoja yoyote.

Na kabla hamjaniambia mnamjua meneja anayeshinda kila mwaka, pigeni hesabu ya mwanauchumi William Sharpe ya mwaka 1991. Hisa zote za soko zina wenyewe. Wanaoshika soko zima kama lilivyo wanapata wastani wa soko. Wanaobaki, wanaochagua hisa, nao wakijumlishwa wote lazima wapate wastani uleule kabla ya ada, kwa kuwa kila shilingi ya ziada ya mmoja wao imetoka kwa mwingine miongoni mwao. Toeni ada zao, wastani wao unashuka chini ya soko. Haihitaji bei ziwe sahihi. Hesabu hiyo inasimama hata kwenye soko la wendawazimu. Kwa hiyo kila mkinunua hisa, andikeni pembeni ya oda: anayeniuzia ni nani, na mimi najua nini ambacho yeye hajui? Nafasi hiyo ikibaki tupu, oda isitoke bila kunipitia mimi.