Hodhi la P linavuja kwenye kioo: silikoni haitakusaidia

*Habari fundi. Tuko Leicester. Tumeweka hodhi la kuogea lenye umbo la P, sentimita 170, na kioo cha kupinda tulichokinunua kwingine kwa bei nafuu. Kila tukioga shawa maji yanamwagika sakafuni. Aliyetufungia anasema atajaza silikoni chini ya kioo. Akubaliwe, au tung'oe tuweke la L? Na bili ya maji itapanda? Tuna mita.*

Dada, mwambie airudishe silikoni yake mfukoni na asiiguse tena.

Kioo cha hodhi la P si kama pazia, useme lolote litafaa mradi limepinda. Kila kiwanda kina mpindo wake. Tuseme tumbo la hodhi, ile sehemu iliyotokeza, lina nusukipenyo cha milimita 450, na kioo kina cha milimita 500. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Lakini ukiviweka ncha kwa ncha kwenye urefu wa sentimita 70, katikati vinaachana karibu sentimita mbili na nusu, na ukingo wenyewe una upana wa sentimita chache tu. Fundi akilazimisha katikati ikae juu ya ukingo, ncha iliyo huru inatoka nje, na maji yanayoteremka kwenye kioo yanadondokea sakafuni badala ya kurudi ndani. Na kioo hicho kimeshapikwa kuwa kigumu kiwandani, kwa hiyo hakikatwi wala hakipindwi tena.

Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha boksi, kilaze juu ya ukingo, fuata mstari wa tumbo kwa kalamu, kisha ukate. Kisogeze kwenye kioo. Ukiona mwanga katikati au kwenye ncha, umepata jibu lako.

Silikoni hapo inaficha tu. Kioo cha aina hiyo huwa na bawaba, na ukikigundisha kwenye hodhi hakifunguki. Hodhi la akriliki nalo hulegea kidogo mtu akisimama ndani, kwa hiyo ule mstari mnene unabanduka, unaota ukungu mweusi, na maji yanaendelea kupita chini yake bila wewe kuyaona. Bafu nyingi za Uingereza ziko ghorofani, juu ya mbao. Mnakuja kugundua dari la sebule likiwa na doa. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo mara nyingi, na karibu kila mara nakuta silikoni tabaka juu ya tabaka. Kinachotakiwa chini ya kioo ni mpira wake maalumu, ulimi ukielekea ndani ya hodhi.

Kwa hiyo fungua paneli ya pembeni utafute kibandiko cha kiwanda, kisha uagize kioo cha hodhi hilohilo, upande uleule. Uwe makini na kulia na kushoto: baadhi ya viwanda huhesabu kwa upande wenye tumbo, vingine kwa upande wa bomba, basi tazama mchoro wala usiamini neno peke yake. Kama kioo chake hakitengenezwi tena, weka reli iliyopinda na pazia zito linaloingia ndani ya hodhi. Halipendezi sana, lakini halivujishi.

Kung'oa uweke la L kwa sababu ya kuvuja ni kupoteza pesa. La L lina faida nyingine, ya viwiko. Mahodhi mengi ya aina zote mbili yana kama sentimita 70 upande mwembamba na 85 upande mpana, lakini la P linafikia 85 penye kilele cha tumbo tu, kisha linarudi. La L lina upana huo sehemu yote ya shawa, na kioo chake kimenyooka, kwa hiyo ni rahisi zaidi kukipata kinachokaa sawa. Ungekuwa hujanunua, na mwogaji ni mtu mwenye mabega, ningekwambia uchukue la L.

Kuhusu mita, umbo haliongezi tone kwenye shawa. Tumbo linaongeza maji mnapojaza hodhi tu. Limetokeza sentimita 15, na mkijaza kina cha sentimita 30 ni kama lita 20 zaidi ya hodhi la kawaida. Shawa inahesabiwa kwa kichwa chake: weka ndoo ya lita 10 chini yake na utazame saa. Ikijaa kwa dakika moja, dakika sita ni lita 60. Ikijaa kwa sekunde 40, dakika kumi ni lita 150, na hapo umeshakaribia kujaza hodhi zima.

Ninachowaomba wengine mnaosoma: msinunue hodhi dukani leo na kioo mtandaoni kesho kwa kuwa picha zinafanana. Viagizeni pamoja, na fundi akiwaambia vioo vyote vya P ni sawa, muulizeni nusukipenyo. Asipojua, mtafute mwingine kabla hajatoboa vigae.