Tafsiri rejeshi kwa modeli ya Kiingereza–Kiswahili: makosa ya kuvumilia na makosa ya kuwinda

Tuseme una jozi 60,000 za sentensi zilizotafsiriwa na watu, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na unataka modeli inayotoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Jozi hizo ni chache. Lakini una sentensi 400,000 za Kiswahili kitupu, zisizo na tafsiri. Tafsiri rejeshi, njia iliyoenea baada ya kazi ya Sennrich na wenzake ya 2016, inakupa namna ya kuzitumia: unafundisha kwanza modeli ya kinyume, ya Kiswahili kwenda Kiingereza, kwa zile jozi 60,000, unaitafsirisha Kiswahili chote ulichonacho, kisha unageuza matokeo. Kiingereza cha mashine kinakuwa chanzo, Kiswahili cha watu kinakuwa lengwa.

Wanaoanza hukosea mwelekeo mara nyingi. Wanachukua Kiingereza kingi kwa sababu kinapatikana kirahisi, wanakitafsiri kwenda Kiswahili kwa modeli yao dhaifu, halafu wanaifundisha modeli ileile kuandika Kiswahili hicho kibovu. Kanuni ni moja: upande ambao modeli itaandika lazima uwe wa watu. Upande inaosoma unaweza kuwa na kasoro.

Kasoro kiasi gani, na za aina gani? Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kosa linalotokea ovyo, leo neno hili limerukwa na kesho lile, halidhuru sana. Modeli inaona chanzo chenye kelele na lengwa safi, na kwa kuwa kelele haina mpangilio, hakuna kanuni ya kujifunza ndani yake. Kosa linalojirudia kwa namna ileile ni jambo jingine kabisa. Modeli inalichukua kuwa ndiyo tafsiri sahihi, na kadiri unavyoongeza data ndivyo linavyokita mizizi.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwa lugha yetu ni saa. Chukua sentensi hii kutoka kwenye Kiswahili chako: “Mkutano ulianza saa mbili asubuhi.” Modeli ya kinyume iliyofundishwa kwa jozi chache huandika “The meeting started at two in the morning.” Ukigeuza, jozi inaifundisha modeli kwamba “two in the morning” ni “saa mbili asubuhi”. Siku mtu akiingiza sentensi ya Kiingereza yenye saa hiyo ya usiku wa manane, atapewa Kiswahili kinachomwambia msomaji aje wakati jua limeshapanda. Tafsiri sahihi ingekuwa saa nane usiku. Tofauti ni saa sita, na sentensi inasomeka vizuri kabisa, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka.

BLEU, kipimo kinacholinganisha maneno ya mashine na yale ya tafsiri ya mtu, nayo haitashtuka. Maneno mawili tu yamebadilika, tena katika sentensi chache tu za jaribio. Ndiyo maana kosa hili halitafutwi kwa alama za jumla. Litafute kabla ya kufundisha, kwenye Kiswahili chenyewe:

```
grep -E "[Ss]aa (moja|mbili|tatu|nne|tano|sita|saba|nane|tisa|kumi|[0-9]).*(alfajiri|asubuhi|mchana|jioni|usiku)" mono.sw > saa.sw
```

Neno la wakati wa siku mwishoni lina sababu yake. “Alisubiri saa mbili” ni muda, na hapo “two hours” ni sahihi. Ukikamata kila “saa mbili” utaharibu sentensi nzuri. Hata hivyo amri hii inakamata na zisizohusika, kwa mfano “alisubiri saa mbili, usiku ukaingia”, kwa hiyo pitia sentensi mia za mwanzo kwa macho. Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuziondoa sentensi hizo zote kwenye data ya kutengeneza, yaani jozi zenye Kiingereza cha mashine, na kuacha jozi za watu zifundishe saa. Ya pili ni kusahihisha Kiingereza kwa kanuni: ongeza sita, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili. Mbili inakuwa nane, sita inakuwa kumi na mbili, nane inakuwa mbili. Mimi hupendelea ya kwanza pale sentensi za saa zinapokuwa sehemu ndogo ya data, kwa sababu kanuni hukwama kwenye maandishi yanayotumia mtindo wa saa 24, kama “saa 14:00”. Ukichagua ya pili, tenga kwanza kila tarakimu iliyozidi 12.

Vyovyote utakavyochagua, andika sentensi 50 za Kiingereza zenye saa mbalimbali, za mchana na za usiku, uwe na jaribio lako dogo la pembeni. Angalia namba tu: imepatikana au haikupatikana. Jaribio hilo litakueleza kitu ambacho jaribio kubwa haliwezi kukueleza.

Si kila kosa linalojirudia lina uzito huo katika mwelekeo huu. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika “alisema”, na modeli ya kinyume huelekea kuandika “he” karibu kila mahali. Kwa modeli yako inayoandika Kiswahili, hasara ni ndogo, kwani “he” na “she” zote zinaishia kwenye “a-” ileile, na jozi za watu zinatosha kuifundisha. Lakini siku ukitaka kuiboresha modeli inayoandika Kiingereza, upendeleo huo utakuwa kwenye upande inaouandika. Kabla ya kusafisha kitu, jiulize kiko upande gani.

Sasa tugeukie Kiswahili chenyewe, maana hiki ndicho modeli itakachoiga. Ondoa sentensi zilizorudiwa, vipande vya menyu za tovuti, na mistari isiyofika maneno manne. Tumia kitambua lugha, lakini usikiamini kwa sentensi fupi. Hapo huchanganya Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Hatari kubwa zaidi ni Kiswahili ambacho tayari kimeandikwa na mashine. Kurasa nyingi mtandaoni zimetafsiriwa kwa programu bila mtu kuzipitia, na ukizila bila kujua unairudishia modeli makosa ya modeli nyingine, tena kwenye upande ule usioruhusu kosa. Dalili zake: upatanisho wa ngeli unavunjika katikati ya lugha rasmi, kwa mfano “vitabu hii imechapishwa”, na majina ya bidhaa yametafsiriwa kana kwamba ni maneno ya kawaida. Usichuje hili sentensi kwa sentensi. Soma sentensi 20 kutoka kila tovuti, na ukiona dalili hizo, iondoe tovuti nzima. Angalia pia kwamba Kiswahili cha seti yako ya majaribio hakimo ndani ya rundo hilo, la sivyo alama zitapanda kwa udanganyifu.

Kabla ya kutafsiri sentensi laki kadhaa, soma matokeo ya modeli ya kinyume kwa sentensi 100. Kama zaidi ya nusu hazina maana, simama. Data sambamba, yaani jozi za watu, haijatosha bado: tafuta zaidi, au chukua modeli kubwa iliyokwisha kufundishwa, kama NLLB-200, uiendeleze kwa jozi zako. Humo Kiingereza ni `eng_Latn` na Kiswahili ni `swh_Latn`. Ukikosea msimbo unaweza kupata lugha nyingine bila onyo lolote.

Kuhusu namna ya kuzalisha, Edunov na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba kuchagua maneno kwa bahati nasibu kunashinda pale data sambamba ni nyingi, lakini data ikiwa chache utafutaji wa kawaida, yaani beam search, ndio bora. Sababu inaeleweka: modeli dhaifu ikiachiwa bahati nasibu inapotea kabisa. Kwa jozi 60,000, tumia `beam` ya 5.

Matokeo yachujwe kwa uwiano wa urefu. Usinakili kipimo kutoka lugha nyingine, kwa sababu Kiswahili hubeba mengi katika neno moja: “Hawatatuambia” ni “They will not tell us”, neno moja kwa matano. Pima uwiano kwenye jozi zako za watu, kata asilimia 1 ya chini na asilimia 1 ya juu, na tumia mipaka hiyo kwa data ya kutengeneza. Ondoa pia mistari ambayo Kiingereza chake kimejaa maneno ya Kiswahili yaliyonakiliwa tu, na ile inayorudia kirai kilekile mara tatu au nne.

Kisha weka lebo. Caswell na wenzake walionyesha 2019 kwamba alama moja mwanzoni mwa chanzo inatosha kuifanya modeli itofautishe Kiingereza cha watu na cha mashine:

```
sed 's/^/<BT> /' bt.en > bt.lebo.en
spm_train --input=zote.en,zote.sw --model_prefix=ensw \
  --vocab_size=16000 --user_defined_symbols="<BT>"
```

Sehemu ya mwisho ya amri ya pili ndiyo wengi huisahau. Bila hiyo, SentencePiece, programu ya kugawa maneno inayoendeshwa na amri hiyo, inaweza kuikatakata lebo vipande, na modeli inaona mabano na herufi badala ya ishara moja. Alama za kunukuu nazo ni za lazima, vinginevyo ganda la amri litadhani unaelekeza faili. Wakati wa kutafsiri kazi halisi, lebo haiwekwi.

Kwa mchanganyiko, anza na sentensi 60,000 za kutengeneza dhidi ya 60,000 za watu, upime, kisha 120,000, kisha 240,000. Ukifika hapo, rudufu data ya watu mara mbili ili isimezwe. Alama zikianza kushuka, rudi hatua moja. Zilizobaki hazipotei, zitafaa baadaye.

Pima kwa seti ya FLORES-200, sehemu ya devtest yenye sentensi 1,012, na utangulize chrF, kipimo kinacholinganisha herufi badala ya maneno, kwani viambishi vya Kiswahili huifanya BLEU ihesabu neno zima kuwa kosa kwa herufi mbili tu:

```
sacrebleu devtest.swh -i matokeo.swh -m chrf bleu
```

Fahamu kwamba Kiswahili cha FLORES kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na tafsiri rejeshi huisogeza modeli kuelekea Kiswahili kilichoandikwa moja kwa moja. Faida inaweza kuonekana ndogo kwenye alama kuliko ilivyo kwa msomaji. Wape wasomaji wawili sentensi 100 kutoka modeli ya zamani na mpya, bila kuwaambia ipi ni ipi.

Ukiridhika, unaweza kuzungusha tena. Modeli yako mpya inatafsiri Kiingereza cha watu kwenda Kiswahili, jozi hizo zinaiboresha modeli ya kinyume, nayo inatafsiri upya Kiswahili chote. Mzunguko wa pili kwa kawaida bado unaleta kitu. Wa tatu huleta kidogo kwa gharama ileile. Kila mzunguko ukiisha, endesha tena zile sentensi 50 za saa kabla ya kutazama chrF.