Barua kwa Mkurugenzi: Andika Ukimfikiria Mtu wa Masijala

Ndugu zangu mlioajiriwa juzi, barua mnayomwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri haianzi kusomwa na Mkurugenzi. Inapokewa masijala, inagongwa muhuri, kisha karani anatafuta jalada la kuiweka. Akikosa kitu cha kumwongoza, barua inaweza kulala kwenye jalada lisilohusika, nawe ukabaki unasubiri jibu.

Chukua mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara. Ofisi imeshamjibu mara moja, ikimtaka alete nakala za hati zake za mshahara. Barua hiyo ina Kumb. Na. na tarehe juu kabisa. Vyote viwili avinakili kama vilivyo, mikwaju na nukta zote, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayomfikisha karani kwenye jalada lenye dai lake. Asijitungie kumbukumbu namba. Hiyo hutolewa na ofisi yenye majalada, si mtu binafsi.

Anwani yake na tarehe vinakaa juu kulia. Kushoto, chini kidogo, anaandika cheo cha anayeandikiwa, si jina lake, kwa kuwa Mkurugenzi akihamishwa kesho barua inabaki kuwa ya ofisi. Hapo chini ndipo wengi wanapokwama: mtumishi hupitisha barua kwa mkuu wake wa kazi. Mkuu wa Shule ataandika maoni, atasaini na kugonga muhuri. Ukimruka, tegemea barua kurudishwa ikapite kwake.

Mpangilio wake ni huu:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
S.L.P. …

KUPITIA: Mkuu wa Shule

Ndugu,

YAH: KUWASILISHA NAKALA ZA HATI ZA MSHAHARA KWA AJILI YA DAI LA MALIMBIKIZO

Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe …

2. Kwa barua hii nawasilisha nakala za hati za mshahara kama ulivyoelekeza.

3. Naomba kuwasilisha.

Aya ya kwanza haipewi namba. Zinazofuata huanzia 2, ili anayejibu aweze kusema “aya ya 2 ya barua yako”. “Ndugu,” inatosha, salamu za “habari za kazi” ziache kwa simu. Kichwa kitaje jambo lenyewe. “YAH: MAOMBI” peke yake hakimwambii karani chochote.

Funga kwa “Wako mtiifu,” kisha saini, jina kamili, cheo na namba ya cheki. Hiyo namba ya cheki nasisitiza sana, maana watumishi wenye majina yanayofanana ni wengi, na mhasibu humtafuta mtu kwa namba hiyo. Viambatisho vitajwe chini kwa idadi. Kabla ya kukabidhi, toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo.